Vishikio na koki za bafuni kwa mzazi mzee: anza na mkono wake

Mimi ni fundi bomba, na bafu ninalolieleza hapa ni la mama yangu, Tanga.

Hatua ya 1: Tafuta mahali mkono unapokwenda. Kabla ya kwenda dukani, nilimpaka mama chaki kiganjani, nikamwomba aingie bafuni amevaa nguo zake, sakafu ikiwa kavu. Sikumwambia ashike wapi. Alama zilibaki mahali patatu: fremu ya mlango, ukuta wa kulia wa choo cha kukaa, na koki. Hiyo ya koki ilinitia hofu, maana koki haikutengenezwa kubeba mtu. Kwa hiyo nilipanga vishikio vitatu: cha wima mlangoni, cha mlalo kando ya choo, na kifupi juu ya koki.

Hatua ya 2: Chagua kishikio. Kiwe na unene wa milimita 32 hadi 38, ili vidole vikizunguke vizuri, na uso wenye mikwaruzo usioteleza kwa sabuni. Nafasi kati yake na ukuta iwe kama sentimita 4. Ikizidi sana, mkono huzama hadi kwenye kiwiko, na mzee akianguka unaweza kuvunjika. Karibu na bahari chukua stenlesi ya daraja la 316, na skrubu zake ziwe stenlesi pia. Vya kunata kwa mpira usivinunue. Huachia bila kutoa dalili. Bomba la kutundikia taulo nalo si kishikio.

Hatua ya 3: Kagua ukuta. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Gonga marumaru kwa kifundo cha kidole. Ukuta wetu ulilia kama debe tupu: tofali za tundu. Plagi ya plastiki ya kushikia skrubu humo hung'oka. Niliondoa marumaru, nikafungua uso wa tofali, nikajaza saruji moja kwa mchanga tatu, nikabandika upya na kusubiri siku saba. Unapotoboa marumaru, zima mtikiso wa drili mpaka uipite, la sivyo itapasuka. Ziba matundu kwa silikoni.

Hatua ya 4: Chagua koki. Mama ana baridi yabisi, kichwa cha kuzungusha kilimshinda. Chukua koki ya mkono mrefu inayofunguka kwa robo mzunguko. Ijaribu dukani ukiwa umefunga ngumi: isipofunguka hivyo, iache. Pima pia kama mkono wa koki hautagonga ukuta au kishikio. Kabla ya kuifunga ukutani, yaachie maji ya bomba yatoke hadi yawe safi; mchanga hukwaruza visahani vya ndani, na koki huanza kuvuja.

Hatua ya 5: Jaribu wewe kwanza. Ning'inia kwenye kila kishikio kwa uzito wako wote. Kikicheza hata kidogo, au marumaru ikitoa mlio, kifungue urudie. Baada ya mwezi angalia tena kwenye skrubu: unga mweupe au ufa mwembamba unaonyesha kwamba kimeanza kulegea.