Ukifupisha kanuni za mtihani, anza na "kuanzia lini"

Wadau mnaopewa kazi ya kufupishia wasimamizi kanuni za mtihani, msikopi tu "ndani ya saa 24" mkaendelea, andikeni saa zinaanza kuhesabiwa lini. Chuoni kwetu hapa Tanga nilifanya kosa hilo, msimamizi akamkamata mtu na kikaratasi kwenye kikokotoo Ijumaa, mtihani ukaisha saa 6 mchana, yeye akajua ripoti ni Jumatatu maana Jumamosi ofisi imefungwa, kumbe kanuni inahesabu tangu mtihani uishe na wikiendi imo. Mwanafunzi akakata rufaa kwa hoja hiyohiyo, ripoti imechelewa, na akasikilizwa!

Siku hizi naandika hivi: "Ripoti ya udanganyifu: msimamizi mkuu aipeleke ofisi ya mitihani ndani ya saa 24 tangu mtihani kuisha, wikiendi imo. Kifungu cha 12(3)." Nani, wapi, lini, kifungu, basi.

Rufaa usimjazie msimamizi, hiyo ni ya mwanafunzi na kamati, yeye mwambie tu ripoti yake ndiyo itasomwa huko kwa hiyo aandike alichokiona, saa ngapi, kikaratasi akiambatishe, asiandike "alikuwa anaibia".

Kwenye adhabu chunga "anaweza kufutiwa" isigeuke "atafutiwa", ukifupisha inateleza kirahisi sana na msimamizi ataanza kutishia watoto wa watu adhabu ambayo kamati haijatoa.