Jinsi ya kukagua droo ya keshia ambayo hesabu yake imetimia

Droo yenye upungufu hujitangaza yenyewe. Inayonitia wasiwasi zaidi ni ile inayotimia kila siku bila kasoro. Keshia akiingiza marejesho ya uongo kwenye mashine, kana kwamba mteja amerudisha bidhaa na kurudishiwa pesa, kisha akachukua pesa hiyo hiyo, mashine na droo hupungua kwa kiasi kimoja. Hesabu inatimia na pesa imeshaondoka.

Hatua ya kwanza: kuhesabu

Fika bila taarifa, dakika chache kabla ya kufunga. Mteja aliyepo akishahudumiwa, simamisha kaunta na utoe ripoti ya X kwenye mashine. Usitoe Z bado, maana Z hufunga siku na kurudisha jumla kwenye sifuri, ilhali X husoma tu. Ikunje hiyo X uiweke mfukoni. Keshia ahesabu mwenyewe mbele yako, noti kwa noti na sarafu kwa sarafu, aandike kwenye fomu, kisha nyote wawili mtie saini. Asiijue jumla inayotarajiwa kabla ya kusaini. Akiijua, ataifikia: atajazia kutoka mfukoni, au ataiweka ziada pembeni.

Hatua ya pili: kulinganisha

Sasa kunjua ripoti. Tuseme droo ilianza na chenji ya 50,000, mauzo ya taslimu ni 842,500, marejesho ya taslimu ni 36,000, na mchana 500,000 zilipelekwa kwenye sefu. Jumlisha mbili za kwanza, utoe mbili za mwisho: droo inapaswa kuwa na 356,500. Keshia amehesabu 356,500. Tofauti ni sifuri.

Kungekuwa na ziada, usiipokee kama bahati. Huenda mteja alipunjwa chenji, au kuna bidhaa iliyouzwa bila kuingizwa kwenye mashine. Iandike peke yake. Isifidie upungufu wa jana.

Hatua ya tatu: marejesho na mauzo yaliyofutwa

Wakaguzi wengi huondoka wakishaiona sifuri. Kazi yenyewe inaanzia hapa. Chapisha orodha ya marejesho na uichukue ile ya 36,000. Ilifanyika saa 2:47 usiku, dakika kumi na tatu kabla ya kufunga, kwa bidhaa iliyouzwa saa 8:10 mchana. Risiti halisi imebanwa kwenye fomu, lakini mahali pa saini ya mteja ni patupu. Risiti peke yake haithibitishi kwamba mteja alirudi: wateja wengi huziacha kaunteni, na anayeziokota ni keshia.

Kwa hiyo ifuate bidhaa. Mfumo unasema zipo 7, ikiwemo iliyorudishwa. Rafuni zipo 6, na kwenye kasha la bidhaa zilizorudishwa hamna kitu. Hiyo bado si hatia, kwa sababu moja ingeweza kuibwa rafuni wiki iliyopita. Angalia picha za kamera za dakika ile: je, kuna mteja amesimama mbele ya kaunta? Halafu soma orodha ya mwezi mzima. Marejesho ya saa za mwisho, kwa keshia yule yule na kwa idhini ya namba ya siri ya msimamizi yule yule, ndiyo yanayosema. Mara nyingi nimekuta msimamizi amempa keshia namba yake ili asisumbuliwe, na hilo ni kosa la msimamizi kwanza.

Bidhaa iliyofutwa kabla ya malipo kwa kawaida haina neno: iliskaniwa mara mbili, au mteja alighairi. Tafuta mauzo yaliyofutwa yote baada ya mteja kulipa taslimu, na droo iliyofunguliwa bila mauzo muda mfupi baadaye.

Hatua ya nne: benki

Toa Z. Ikiwa hakuna mauzo mengine yaliyoingia baada ya X, acha 50,000 ya chenji. Inabaki 306,500, na pamoja na zile za sefu ni 806,500. Kiasi hicho chote kiingie benki kwa mkupuo mmoja. Namba za Z zifuatane. Ikirukwa moja, idai ripoti ya siku hiyo. Usitosheke na slipu ya benki, linganisha na taarifa ya akaunti, kwa kiasi na kwa tarehe. Pesa ya Jumatatu ikiingia Jumatano, na ya Jumanne ikaingia Alhamisi, huenda mtu amekopa ya siku moja na anaiziba kwa ya siku inayofuata. Hilo hukwama siku utakapohesabu sefu na droo zote kwa wakati mmoja.

Katika ripoti andika ulichokiona: saa, namba ya risiti, idadi ya rafuni. Usiandike neno "wizi". Keshia aandike maelezo yake siku hiyo hiyo, kwa mkono wake, na uyaambatanishe na fomu mliyosaini.