Kuandika maelezo ya programu ya bajeti kwa mtu ambaye hajawahi kutumia programu ya bajeti

Mwaka huu niliandika maelezo ya duka la Google Play kwa programu moja ya bajeti iliyotengenezwa hapa Arusha, na rasimu yangu ya kwanza nikaipeleka Moshi kwa dada anayeuza mitumba katika soko la Memorial. Rasimu ilianza hivi: "Simamia fedha zako binafsi kwa ripoti za kina." Aliisoma, akanirudishia simu na kuniuliza: "Kaka, hii si ile ya kukopesha? Ikishapata namba zangu si itawapigia ndugu zangu?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha mpangilio ninaoueleza hapa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni, na watu wengi walikwisha kuona ndugu zao wakipigiwa simu kwa deni la mtu mwingine. Kwa hiyo mtumiaji mgeni anapoona neno "fedha" juu ya programu asiyoijua, kabla ya kuuliza inafanya nini, anataka kujua itamfanya nini yeye.

Hatua ya kwanza ni maelezo mafupi, ambayo Google Play huyapa nafasi ya herufi 80 tu, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Hapa weka kitendo atakachofanya, faida atakayoiona, na jibu la ile hofu. Tuliishia na sentensi hizi zenye herufi 73: "Andika matumizi ya kila siku, ujue pesa yako inaishia wapi. Si ya mikopo." Neno "bajeti" tulilibakiza kwenye jina la programu tu, kwa sababu watu niliowauliza sokoni walilihusisha na Bunge kuliko na pochi zao. Neno "mikopo" nalo usilirudierudie katika maelezo marefu, kwani maneno ya maelezo huchangia katika utafutaji, nawe hutaki kuletewa mtu anayetafuta mkopo.

Hatua ya pili ni kuthibitisha ahadi kabla ya kuiandika. Tulitaka kusema kwamba programu haisomi majina yaliyohifadhiwa kwenye simu, na mtengenezaji alikuwa na uhakika. Hata hivyo nilimwomba afungue kichupo cha "Merged Manifest" katika Android Studio, ambapo ruhusa zote huonekana pamoja na zile zinazoingizwa na maktaba za nje, na tukaukuta mstari huu, unaoomba ruhusa ya kusoma majina hayo:

```
<uses-permission android:name="android.permission.READ_CONTACTS" />
```

Ulikuwa umeletwa na maktaba ambayo haikuwa ikitumika tena. Ilipoondolewa, sentensi yetu ikawa kweli, nasi tukahakikisha kwamba inalingana na fomu ya usalama wa data tuliyoijaza dukani. Mtu akisoma "haisomi majina" kisha simu ikamwomba ruhusa ya majina, ataifuta programu papo hapo, na atakuwa na haki.

Maelezo marefu yana nafasi ya herufi 4,000, lakini msomaji lazima ayafungue kwanza, na wengi hawayafungui. Aya tatu au nne zinatosha.

Nguvu zako ziweke kwenye picha za skrini, ambazo kwa simu ni kuanzia 2 hadi 8. Picha ya kwanza iwe siku moja ya mtu wa kawaida: nauli 1,200, chakula 3,500, vocha 1,000, jumla 5,700. Juu yake tuliandika "Ona pesa ya leo imeishia wapi". Awali picha hiyo ilikuwa na kiasi cha dola na majina ya matumizi kwa Kiingereza, jambo linalomwambia msomaji kwamba kitu hiki hakikutengenezwa kwa ajili yake. Picha ya pili ilionyesha sehemu ya kuandikia, yenye maneno "Kiasi, kisha jina, basi". Ya tatu, "Tenga kodi ya chumba mapema". Ya nne, "Haisomi majina ya simu yako". Maneno ya kila picha yaeleze kile kinachoonekana chini yake, na yasizidi sita. Zitume picha kwenye simu ndogo, utoke nazo juani. Yasiyosomeka hapo yakuzwe au yapunguzwe.

Hatua ya mwisho ni kumwonyesha mtu ukurasa wote na kumwomba akueleze programu inafanya nini, bila wewe kumsaidia neno. Nilirudi kwa yule dada, naye akaeleza vizuri, kisha akauliza kama ataweza kuandika madeni ya wateja wake. Hawezi. Jioni hiyo tuliongeza katika aya ya kwanza ya maelezo marefu: "Programu hii ni ya matumizi yako mwenyewe, haina daftari la madeni ya wateja."