Somo: Watu wanne, miji minne, mradi mmoja wa Blender

Somo hili ni la vikundi vidogo visivyo na ofisi wala seva. Mfano nitakaoutumia ni filamu fupi ya dakika tatu: muongozaji yuko Dar es Salaam, mtengeneza rigi yuko Mombasa, animeta mmoja Kisumu na mwingine Kigali. Tutaifuata shoti moja, sc02_sh040, ambapo bibi ananyanyua ndoo ya maji. Ni sekunde nne, yaani fremu 96 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde.

Kabla ya yote, kubalianeni toleo moja la Blender na kasi moja ya fremu. Hapa tuseme 4.2 LTS na 24. Asiwepo wa kujisasishia katikati ya mradi kwa sababu tu ameona toleo jipya limetoka. Na mmoja akiweka 25, sekunde zake nne zitakuwa fremu 100, na sauti haitakaa sawa na midomo.

Hatua ya 1: Folda

Folda ya mradi iwe na sura ileile kwenye kila kompyuta.

```
mradi/
  mali/bibi/bibi_rig.blend
  mali/bibi/kazi/bibi_rig_v007.blend
  shoti/sc02/sh040/sc02_sh040_anim_v003.blend
  shoti/sc02/sh040/sc02_sh040_mwanga_v001.blend
  mapitio/
```

Angalia faili la rigi. Matoleo yenye namba yanakaa ndani ya `kazi`, lakini lile ambalo shoti zote zinalitumia halina namba. Fundi wa Mombasa akishalijaribu toleo la saba na kuridhika nalo, analihifadhi juu ya `bibi_rig.blend` kwa `File > Save Copy`, `Remap Relative` ikiwa imewashwa. Jina halijabadilika, kwa hiyo hakuna shoti inayopoteza njia. Mngeunganisha moja kwa moja na v007, kila rigi mpya ingewalazimu kufungua shoti zote na kuelekeza upya.

Rigi inaingizwa kwenye shoti kwa `File > Link`, kisha `Object > Library Override > Make`, ili animeta aweze kuichezesha. Usitumie `Append`. Hiyo inaleta nakala, na nakala haitajua kamwe kwamba Mombasa wamerekebisha bega.

Njia za mafaili ziwe za uhusiano, zile zinazoanza na `//`. Ukiona `C:\Users\` kwenye njia yoyote, jua Kigali watafungua shoti na kukuta bibi hayupo. Tiba ni `File > External Data > Make Paths Relative`. Kwenye Windows kuna mtego mwingine: kama shoti iko diski C na mali ziko diski D, njia ya uhusiano haiwezekani kabisa. Mradi mzima ukae diski moja.

Hatua ya 2: Kusafirisha mafaili

Kwa kundi la ukubwa huu napendelea Syncthing. Ni ya bure, inalinganisha folda moja kwa moja kati ya kompyuta, na nafasi inaishia pale diski zenu zinapoishia. Udhaifu wake ni kwamba kompyuta mbili lazima ziwe zimewaka kwa wakati mmoja ndipo faili lipite. Kisumu akifanya kazi usiku na Kigali asubuhi, wanaweza kupishana wiki nzima bila kujua. Tafuteni kompyuta moja, hata iwe kuukuu, iwe inawaka muda wote na kupokea kila kitu.

Kwenye kila kompyuta weka faili la `.stignore` ndani ya folda ya mradi, ili nakala za akiba za Blender zisile bando:

```
*.blend1
*.blend2
*.blend@
```

Faili hilo halisafiri lenyewe kwenda kwa wengine, kila mmoja aliandike kwake.

Hakuna programu ya kulinganisha folda inayoweza kuchanganya kazi za watu wawili ndani ya faili moja la `.blend`. Wawili wakihifadhi faili moja, Syncthing inabakiza moja na ya pili inaipa jina lenye `sync-conflict` na tarehe. Ukiliona neno hilo kwenye folda, simamisha kazi na umpigie mwenzako kabla hajaendelea kujenga juu ya faili lisilo sahihi.

Kwa hiyo faili moja lina mwenyewe mmoja. Jina lake linaandikwa kwenye jedwali la shoti, na asiye mwenyewe anafungua kwa kutazama tu. Ndiyo maana hapo juu shoti ina faili la anim na faili la mwanga. Kisumu anachezesha bibi kwenye la kwanza, Kigali anaweka taa kwenye la pili ambalo limeunganishwa na la kwanza. Wanafanya shoti moja siku moja na hawagusani.

Hatua ya 3: Video ya mapitio

Muongozaji hapokei faili la `.blend`, anapokea video. Kwenye `Output Properties` chagua `FFmpeg Video`, chombo MPEG-4, kodeki H.264, ukubwa 1280 kwa 720. Kisha nenda sehemu ya `Metadata`, washa `Burn Into Image`, na uache `Frame` na `Filename` tu. Halafu `View > Viewport Render Animation`. Sasa kila picha ina namba ya fremu na jina la faili pembeni, na hapatakuwa na ubishi wa "unaongelea toleo gani?"

Kama mnapitishia WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukituma kama video ya kawaida inabanwa, na zile namba ndogo ndizo za kwanza kusomeka kwa shida. Kwenye VLC, kitufe cha `E` kinasogeza fremu moja moja. Kwenye mpv, nukta inasogeza mbele na mkato unarudisha nyuma.

Hatua ya 4: Maoni

Hapa ndipo vikundi vingi vinapopoteza siku zao. Kwa shoti yetu ya ndoo, maoni ya kwanza yalikuwa hivi: "Haina uzito, irekebishe." Animeta wa Kisumu atafanya nini na hayo? Atapunguza kasi ya shoti nzima, kwa sababu ndiyo njia ya haraka, na uzito bado hautakuwepo.

Maoni yaleyale yakiandikwa vizuri:

> sh040, v003, fremu 31–38. Ndoo inapanda pamoja na mkono, kama tupu. Nyonga zianze kushuka fremu 27, mkono unyooke kabisa fremu 33, ndoo iache ardhi fremu 36. LAZIMA.
> sh040, v003, fremu 70. Kichwa kingeangalia ndoo kabla ya njia. IKIWEZEKANA.

Sasa anajua kwamba tatizo liko kwenye kuchelewa: mwili unatangulia, mkono unavutika, mzigo unafuata. Anaongeza fremu tatu za mkono ulionyooka kabla ndoo haijatoka chini, na kasi ya sehemu nyingine haiguswi. Akituma v004, chini ya kila oni anaandika "nimefanya" au "sijafanya, kwa sababu…". Oni lisilojibiwa hurudi wiki inayofuata likiwa na hasira.

Yapo mambo mawili ya kusimamia. Maoni yatoke kwa mtu mmoja. Kigali akiona kitu amwambie muongozaji, ambaye ataamua kabla ya kumfikishia Kisumu, la sivyo mmoja atasema "ongeza muda" na mwingine "shoti ni ndefu". Pia maoni yaendane na hatua ya kazi. Kwenye blokingi, mapozi yakiwa bado yanaruka kwa `Constant`, ongeleeni mapozi na muda. Vidole na nyusi vina siku yake. Nimeona vidole vikipambwa kwenye shoti ambayo baadaye ilikatwa yote.

Hatua ya 5: Kikao cha wiki

Jumatatu, dakika 45. Andikeni saa kwa mji: saa nne asubuhi Dar, Mombasa na Kisumu ni saa tatu Kigali.

Usioneshe video kwa kushiriki skrini. Simu ya mtandaoni hudondosha fremu, na hamwezi kuhukumu muda wa fremu mbili kwenye picha inayokwamakwama. Kila mtu awe ameshapakua mapitio tangu Jumapili jioni, na kila mmoja acheze faili lake huku mkiongea. Fungueni jedwali lenye shoti, mwenyewe, hatua, toleo na kilichokwama, mlipitie mstari kwa mstari. Shoti isiyo na tatizo ipite bila hotuba. Uamuzi uandikwe kwenye jedwali kikao kikiwa bado kinaendelea.

---

Maswali ya wanachama

Kutoka Mwanza: Kaka, asante kwa somo. Mradi wetu una GB 60 kwa sababu ya picha za ngozi na mandhari. Kwa bando letu, kumpa mwenzetu mpya folda nzima si tutafilisika?

Msirushe zote mtandaoni. Nakilini kwenye diski ya nje na kuituma kwa basi kama kifurushi. Akishainakili kwake, afungue Syncthing. Italinganisha yaliyomo, itaona yanafanana, na kuanzia hapo yatapita mabadiliko tu.

Kutoka Kampala: Google Drive haifai?

Inafaa, ila ya bure ni GB 15 na zinajumuisha Gmail na picha zako. Ukiitumia, folda nzima iwe imewekwa kupatikana bila mtandao, maana Blender inayataka mafaili yaliyounganishwa wakati uleule inapofungua shoti. Sheria ya mwenyewe mmoja ni ileile.

Kutoka Zanzibar: Shikamoo mwalimu. Rigi ilisasishwa jana, leo nikifungua shoti mkono wa kushoto haufuati animesheni, umeganda. Sehemu nyingine ni nzima. Nimepoteza kazi?

Marahaba. Hujapoteza. Karibu hakika fundi amebadilisha jina la mfupa. Animesheni huutafuta mfupa kwa jina lake, na jina lilipobadilishwa kwenye faili la rigi, shoti yako haikuarifiwa. Kwenye `Graph Editor` washa kichujio cha `Only Show Errors` uone mistari iliyopotea. Suluhisho safi ni fundi kurudisha jina la zamani. Ikishindikana, hifadhi toleo jipya la shoti, kisha endesha hii ukiweka majina yenu:

```python
import bpy
for a in bpy.data.actions:
    for fc in a.fcurves:
        fc.data_path = fc.data_path.replace(
            '"mkono.L"', '"mkono_ik.L"')
```

Mwambieni fundi: rigi ikishatoka, kuongeza mifupa ruksa, kubadilisha majina marufuku.

Kutoka Nakuru: Mteja yumo kwenye grupu letu la WhatsApp na anatuma maoni usiku na mchana, mara nyingine kwa sauti. Tunamwambiaje?

Mtoeni kwenye grupu la kazi kwa heshima, mumfungulie lake na muongozaji peke yake. Aone kazi mara tatu: animatiki, blokingi iliyokamilika, na shoti kabla ya rendi. Ujumbe wake wa sauti muongozaji ausikilize, augeuze kuwa maoni yenye fremu, amrudishie mteja athibitishe kwa maandishi, ndipo uende kwa animeta. Akitaka mabadiliko ya muda baada ya kuikubali blokingi, hayo ni ya kulipiwa, na iandikwe kwenye mkataba kabla hamjafungua Blender.