Timu zikilingana pointi: namna ya kupanga msimamo wa kundi

Nauandika mwongozo huu baada ya kumsaidia kijana anayesimamia ndondo za mtaa huko Gungu, hapa Kigoma. Timu tatu zilimaliza kundi zikiwa na pointi sawa, na kila kiongozi akaja na hesabu yake.

Hatua ya 1: Amua nini kinatangulia

Kabla ya mechi ya kwanza, kanuni ziseme pointi zikilingana tunaangalia nini kwanza: tofauti ya mabao ya kundi zima, au matokeo ya timu hizo zilipokutana zenyewe. Kombe la Dunia la 2022 lilianza na tofauti ya mabao. Euro na makundi ya klabu ya CAF huanza na mechi za zenyewe kwa zenyewe. Ligi ya Mabingwa Ulaya nayo ilifuata njia hiyo ya pili, lakini tangu msimu wa 2024/25 timu 36 ziko kwenye msimamo mmoja na kila moja inacheza mechi 8 tu. Nyingi hazikutani kabisa, kwa hiyo ikabidi tofauti ya mabao itangulie.

Kwa ndondo zetu, mimi nasimamia mechi za zenyewe kwa zenyewe. Siku ya mwisho timu iliyokwisha kutolewa huja na wachezaji pungufu, inapigwa nane, na mabao hayo yanaamua nafasi ya timu ambayo haikuwepo hata uwanjani. Njia hii ina ubaya wake: timu inaweza kujihakikishia uongozi wa kundi mapema, halafu mechi ya mwisho ikapumzisha wachezaji. Naona hilo ni afadhali.

Hatua ya 2: Chora mraba wa matokeo

Msimamo wa kawaida unaonyesha jumla tu, hauonyeshi nani alimfunga nani. Chukua karatasi ya manila, andika timu kushuka upande wa kushoto, zirudie juu, kisha kila matokeo yaingie kwenye kisanduku chake. Mimi naipenda kuliko Excel, maana ikibandikwa ukutani viongozi wote wanahakiki kwa pamoja.

Hatua ya 3: Zikilingana timu mbili

Hii ni rahisi. Msimu wa 2023/24, Simba na Wydad zilimaliza kundi la Ligi ya Mabingwa Afrika zikiwa na pointi 9 kila moja. Wydad ilishinda 1-0 kwao, Simba ikashinda 2-0 Dar es Salaam. Katika mechi hizo mbili kila timu ina pointi 3, lakini Simba ina mabao mawili kwa moja. Simba ikapita.

Hatua ya 4: Zikilingana tatu au zaidi

Ugomvi wote wa Gungu ulikuwa hapa. Usizishindanishe mbilimbili, kwa sababu A kamfunga B, B kamfunga C, C kamfunga A, na utazunguka mpaka usiku. Tengeneza msimamo mdogo wa timu zilizolingana peke yake. Kwenye ule mraba, funika kwa rula mstari na safu ya kila timu isiyohusika, halafu hesabu kilichobaki wazi.

Euro 2004, Sweden, Denmark na Italia zilikuwa na pointi 5 kila moja. Zote ziliifunga Bulgaria, na mechi hizo zikafutwa kwenye hesabu, hata ile ambayo Sweden ilishinda 5-0. Zenyewe kwa zenyewe zilitoka sare zote: Italia na Denmark 0-0, Italia na Sweden 1-1, Denmark na Sweden 2-2. Pointi sawa, tofauti ya mabao sifuri kwa wote. Yakabaki mabao ya kufunga: Sweden 3, Denmark 2, Italia 1. Italia ikarudi nyumbani.

Sasa angalia mtego. Euro 2024, timu zote nne za Kundi E zilimaliza na pointi 4. Ubelgiji iliifunga Romania 2-0, lakini Romania ndiyo iliyoongoza kundi. Kwa nini? Zikilingana zote nne, msimamo mdogo ndio kundi lenyewe. Humo Romania na Ubelgiji zilikuwa na tofauti ya +1 kila moja, na kigezo kinachofuata ni mabao ya kufunga: Romania 4, Ubelgiji 2. Kanuni ya Euro inamaliza kwanza pointi, tofauti na mabao ndani ya msimamo mdogo. Timu ambazo bado zimelingana baada ya hapo ndizo pekee zinazorudi kuangaliwa upya zenyewe kwa zenyewe. Romania na Ubelgiji hazikufika huko.

Kwa hiyo andika kwenye kanuni zako sentensi hii: "Vigezo vyote vitatu vitatumika kwa timu zote zilizolingana, zitakazobaki sawa ndizo zitakazoanza upya." Kanuni nyingi za mitaani zinaishia kwenye "ataangaliwa aliyemfunga mwenzake", na maneno hayo hayasemi kitu timu zikiwa tatu.

Hatua ya 5: Zikigoma kabisa

Rudi kwenye tofauti ya mabao ya kundi zima, kisha mabao ya kufunga. Zikilingana bado, piga kura ya bahati nasibu. AFCON ya 2015, Guinea na Mali kila moja ilitoka sare ya 1-1 katika mechi zake zote tatu, na kura ikaipitisha Guinea. Kura ipigwe mbele ya manahodha wote wawili, na karatasi zikunjwe na mtu asiye wa timu yoyote kati ya hizo.