Kupiga video ya nyumba ya kuuza: chumba kidogo kionekane kidogo

Niliwahi kupiga video ya nyumba ya vyumba vitatu Shangani, hapa Mtwara. Mnunuzi aliiona akiwa Dar es Salaam, akapanda basi zaidi ya kilomita 500. Alipofika mlangoni pa chumba cha pili akaniuliza, "Kaka, kile chumba kikubwa kiko wapi?" Kilikuwa hicho hicho. Nilikipiga kwa lenzi pana ya simu.

1. Mpangilio. Pita anapopita mgeni: geti, baraza, sebule, jiko, korido, vyumba, choo, kisha uani. Ukiruka kutoka sebuleni hadi uani, mtazamaji hajui tena yuko upande gani wa nyumba.

2. Gimbali, yaani kishikio kinachotuliza simu isitikisike. Iweke ifuate kulia na kushoto tu, simu isiinamie sakafu. Ishike kwa mikono miwili usawa wa kifua, kunja magoti kidogo, tanguliza kisigino. Kwenye kona geuza kiwiliwili chote, taratibu, usizungushe kiganja.

3. Lenzi. Hapa ndipo nilipoharibu. Kwenye simu nyingi `0.5x` ndiyo lenzi pana, na `1x` ndiyo ya kawaida. Chumba kile kina mita 3 kwa 3. Kwa `1x`, ukiwa mlangoni, hakiingii chote kwenye picha, ndiyo maana watu hukimbilia `0.5x`. Lakini lenzi pana hukuza kilicho karibu na kusukuma mbali kilicho nyuma: ukuta wa mwisho hudogoka, na jicho linadhani uko mbali. Pembeni vitu huvutwa. Ndoo ya duara iliyo kwenye kona ya picha hugeuka yai, na kitanda cha futi 5 kwa 6 kikikaa pembeni hurefuka kama benchi. Ukiona dalili hizo kwenye video yako, mnunuzi tayari anaona chumba kisichokuwepo.

Kurekebisha kwenye programu ya kuhariri hakutoshi. Kunanyoosha mistari iliyopinda, lakini umbali wa uongo unabaki.

Mimi sasa napiga `1x` tu. Naegemeza mgongo kwenye kona, nageuka polepole hadi ukuta wa pili, nakata, nahamia kona inayotazamana nayo, narudia. Kisha nashusha kamera sakafuni: pale Shangani kuna vigae vya sentimita 60, na mtu akihesabu vitano anapata mita 3 mwenyewe. Vipimo naviandika pia kwenye picha, baada ya kuvipima kwa futi kamba.

Chooni pekee, ambako hakuna pa kusimama, natumia `0.5x`. Hapo simu nainyoosha wima kabisa, maana ikiinama kidogo tu kuta zinalala, na naandika kwenye video kwamba lenzi ni pana.

Yule mnunuzi nilimpigia video ya nyumba nyingine kwa njia hii. Kabla ya kusafiri alinipigia simu kuuliza kama kabati lake la futi 6 litaingia. Tulihesabu vigae pamoja.