Mtoto anaharisha, alishwe nini? Hatua kwa hatua

Jamani mtoto wa dada yangu hapa Arua, miezi 11, aliharisha siku nzima, bibi akasema asile, tumbo lipumzike. Jioni alikuwa amelegea tu. Ukimnyima chakula unampunguzia nguvu na utumbo unachelewa kupona, kwa hiyo tulifanya hivi.

Kwanza titi. Anyonye mara nyingi kuliko kawaida, usiku pia, hata kama kila akinyonya anaharisha, maziwa ya mama siyo yanayomharisha.

Pili ORS. Pakiti yetu ilikuwa ya lita 1, ukiichanganya na maji kidogo inakuwa kali, tukapima chupa mbili za nusu lita za maji yaliyochemshwa yakapoa. Kila akiharisha tulimpa robo hadi nusu kikombe kwa kijiko, polepole. Akitapika unangoja dakika 10 halafu unaendelea. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Na zinki, kwa umri wake miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14, usiache eti kwa sababu choo kimekuwa kigumu siku ya tatu.

Tatu chakula. Asubuhi uji wa mahindi wenye maziwa, usiwe maji maji, baadaye bogoya lililopondwa, mchana matoke yaliyopondwa na binyebwa, jioni tena matoke na mukene iliyosagwa laini na kijiko kidogo cha mafuta. Vijiko vitatu vinne tu kila baada ya saa tatu au nne, siku ya kwanza alikataa karibu vyote, hatukumlazimisha, tukarudi baadaye.

Kuharisha kukikata msipotee! Wiki 2 nzima mwongezee mlo mmoja kila siku, maana hapo ndipo anarudisha kilo alizopoteza, na watu wengi wanasahau.

MASWALI

Mama wa mapacha: Soda iliyotolewa gesi si inampa nguvu?
Hapana dada. Sukari nyingi inavuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo, anaharisha zaidi. Juisi ya pakiti na chai ya sukari nyingi ni vilevile.

Baba wa Bombo: Wangu ana miezi 4, nimpe uji?
Bado kaka, titi tu, na ORS. Zinki yake ni miligramu 10. Huyo mdogo mpeleke kituo cha afya mapema, usingoje.

Shangazi: Nitajuaje hali imekuwa mbaya?
Macho yameingia ndani, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, analala mno hata kuamka ni shida, au kuna damu kwenye choo. Ukiona mojawapo chukua boda sasa hivi, na njiani uendelee kumpa ORS kama bado anaweza kumeza.